Siku thelathini za Kanada: kurudi kwa hiari au kungoja kufukuzwa

"Mwanangu yuko Toronto, kesi yake ya ukimbizi imekataliwa. Ana barua inayosema aondoke ndani ya siku thelathini. Wenzake wanamwambia ajifiche, baba yake anamwambia arudi Wete kabla hajatolewa kwa aibu. Nani wa kusikilizwa?"

Mama, swali lako lina pande mbili, lakini sheria ya Kanada inatazama jambo la tatu, nalo ni tarehe.

Amri za kuondolewa nchini Kanada ni za aina tatu. Ya kwanza ni amri ya kuondoka, ambayo hutolewa kwa masharti tangu siku mtu anapoomba ukimbizi, ikalala hadi kesi iishe. Ya pili humzuia mtu kuingia tena kwa mwaka mmoja, au mitano ikiwa alisema uongo. Ya tatu ni amri ya kufukuzwa, na aliyefukuzwa hurudi Kanada kwa kibali maalumu tu, hata miaka ishirini ikipita. Mwanao yumo katika ile ya kwanza, iliyo nyepesi kuliko zote. Tatizo lake ni kwamba siku thelathini zikipita, inageuka yenyewe kuwa ya tatu. Hakuna barua mpya, wala afisa anayebisha hodi kumwambia kwamba tangu usiku wa jana keshafukuzwa.

Tuchukue tarehe za mfano. Amepokea sababu za maandishi za kukataliwa tarehe 3 Machi. Ana siku 15 za kupeleka notisi ya rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Wakimbizi, yaani hadi 18 Machi. Asipokata rufaa, amri inaanza kufanya kazi muda huo ukiisha, na siku thelathini zinamfikisha 17 Aprili. Akipata tiketi rahisi ya 20 Aprili na kuokoa dola mia mbili, amenunua marufuku ya maisha kwa dola hizo mia mbili. Kijana anayemngoja mama yake auze karafuu ili apate nauli ndiye anayeangukia hapo, kwa sababu karafuu hazijui tarehe ya Ontario.

Sasa upande wa baba. Kurudi kwa hiari ndani ya siku hizo kuna faida ya kweli. Anayetoka kwa wakati hana marufuku. Kesho akioana na Mkanada au akipata nafasi ya masomo, anaomba viza kama mtu mwingine yeyote, ingawa afisa wa viza ataona historia yake na anaweza kukataa kwa sababu zake. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hiari hii nusu yake ni utumwa, kwa kuwa mtu hakuichagua, lakini bado inashinda.

Ila hiari hiyo ina mtego, na wengi wa kwetu hunaswa kwa sababu ya mazoea. Pale uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, anayesafiri nje ya nchi hupita kwa afisa wa uhamiaji na pasipoti hupigwa muhuri wa kutoka. Viwanja vya Kanada havina kituo cha namna hiyo. Unapima mzigo, unakaguliwa mfuko, unapanda ndege. Kijana anaweza kuondoka tarehe 10 Aprili kwa adabu zote, akafika Wete, na kwa Kanada akahesabiwa kwamba hakuondoka, kwa sababu hakujionyesha kwa afisa wa mipaka hapo uwanjani akachukua cheti cha kuthibitisha kuondoka. Bila cheti hicho ndani ya siku thelathini, amri inageuka vilevile. Kwa hiyo afike uwanjani mapema kuliko abiria wengine, amtafute afisa wa Wakala wa Huduma za Mipaka kabla ya kupita ukaguzi, na asiondoke bila karatasi mkononi. Na kama pasipoti yake imekwisha muda, ubalozi wa Tanzania uliopo Ottawa ndio wa kuandikiwa wiki ya kwanza, si ya nne.

Upande wa pili, wa kubaki na kukata rufaa, usidharauliwe. Ikiwa lile alilolikimbia bado lipo, ushauri wa kurudi kwa heshima unaweza kuwa ushauri wa kumrudisha kwenye hatari, na akiisha kutua huku, ulinzi wa ukimbizi aliouomba kule umempotea. Rufaa ipo kwa ajili hiyo. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema achague moja, kwa kuwa rufaa iliyokatwa kwa wakati haimlii siku zake thelathini. Inazisogeza mbele. Tuseme kitengo cha rufaa kikamkataa na akapata taarifa tarehe 10 Septemba. Amri inaanza siku 15 baadaye, 25 Septemba. Katika siku hizohizo 15 anaweza kuiomba Mahakama ya Shirikisho ruhusa ya kuupitia uamuzi, na akifanya hivyo kwa wakati, kwa kawaida kuondolewa kunasimama. Asipoenda mahakamani, bado ana hadi 25 Oktoba kuondoka na cheti chake. (Si kila mtu ana rufaa hii. Waliovuka mpaka wa nchi kavu kutoka Marekani kwa msamaha wa kuwa na jamaa Kanada hawanayo.)

Akichelewa kwenda mahakamani, mambo ni mengine. Inabidi aombe mahakama imsimamishie kuondolewa, na athibitishe kwamba kesi yake ina hoja nzito, kwamba atapata madhara yasiyofidika, na kwamba mizani ya haki inaelemea upande wake. Wachache hupita.

Kujificha ndiko nisikokuona kuwa upande hata kidogo. Asipofika kwenye mahojiano ya kuondolewa, hutolewa hati ya kumkamata nchi nzima. Akikamatwa, kizuizi chake kinapitiwa ndani ya saa 48, kisha baada ya siku saba, kisha kila siku thelathini. Serikali ikimlipia ndege, atadaiwa gharama hizo kabla ya kufikiriwa kurudi.

Wakili je? Msaada wa kisheria Kanada huendeshwa na kila jimbo. Ontario hutoa cheti ambacho wakili hulipwa nacho, kwa kutazama kipato cha mwombaji na kama kesi ina mashiko. Jibu linaweza kuchukua siku kadhaa, na siku hizo hazisimamishi zile 15. Kwa hiyo aombe cheti siku ileile aliyopokea barua, na kama jibu halijaja ukiwa umebaki muda mdogo, aipeleke notisi ya rufaa mwenyewe. Ni fomu fupi. Hoja ndefu hufuata baadaye. Awaepuke vishoka wanaojaza fomu kwa dola mia tano bila leseni, hata wakiwa wanasali msikiti mmoja. Jina la wakili hupatikana kwenye orodha ya chama cha mawakili cha jimbo.

Wewe huku una kazi moja inayofaa kuliko nauli. Rufaa hupokea ushahidi mpya ikiwa ulitokea baada ya kukataliwa, au haukuweza kupatikana kabla. Kama kuna barua ya wito, cheti cha hospitali au shahidi aliyeona jambo, kipigie picha ukitume leo, kisha ukaulize Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar namna ya kuandika hati ya kiapo. Andika na tarehe uliyokipata, maana ndiyo wakili atakayoiuliza kwanza.