Hidralazini imemvimbisha mama miguu, sasa tuiache?

"Kaka, mama aliongezewa hidralazini, presha ikashuka wiki moja tu afu ikapanda tena, miguu imevimba na moyo unamwenda mbio. Tuiache?"

Kijana wa Ujiji huyo, na najua wengi mtamjibu iacheni fasta. Hata wahudumu wenzangu wapo wanaoiogopa hii dawa na hoja yao ina uzito, nitaifikia. Ila mimi nilimwambia kwanza niletee daftari la kliniki na mfuko mzima wa dawa, tukamwaga vyote mezani.

Mama ana miaka 61. Amlodipini 10 anameza, losartani 100 anameza, halafu hidralazini 25 mara tatu kwa siku, siku ya kumi na moja. Dawa ya kukojolesha, haidroklorothiazidi, imeandikwa kwenye daftari lakini mfukoni haimo, aliiacha mwenyewe kwa sababu ilikuwa inamsumbua akipanda basi kwenda Kasulu. Ya kupunguza mapigo haikuandikwa kabisa. Mapigo yake 108 amekaa tu, presha 176 kwa 98, na uzito ndo ulionishtua, siku anaanza ilikuwa kilo 68, sasa 71 na nusu.

Hapo kwenye uzito tukae kidogo. Mtu haongezi kilo tatu na nusu za mafuta kwa siku kumi na moja, hayo ni maji, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwaio mama alikuwa anatembea na zaidi ya theluthi ya ndoo ya lita kumi mwilini. Ukimbonyeza kwenye mfupa wa mguu kidole kinaacha shimo. Amlodipini nayo huvimbisha vifundo, ila anaitumia mwaka wa pili bila shida, na uvimbe wake haupandishi mzani namna ile.

Kinachotokea ni hivi. Hidralazini inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu, presha inashuka. Mwili haujui kama ni dawa, unaona kama damu imepungua, basi unauamrisha moyo ukimbie na figo zishike chumvi na maji. Maji yakijaa presha inarudi juu, na watu wanasema dawa imezoeleka. Haijazoeleka, inafanya kazi yake na mwili unapigana nayo. Ndo maana inatakiwa itembee na wenzake wawili, ya kukojolesha iyazuie maji na ya kutuliza mapigo iushike moyo. Na chumvi ipungue kweli, sisi tuliolelewa na chumvi ya Uvinza tunajua mkono unavyokuwa mzito kwenye sufuria ya dagaa.

Daktari alimrudishia ya kukojolesha, akaongeza karvediloli ya kiasi kidogo baada ya kuhakikisha hana pumu, hidralazini ikabaki vilevile. Wiki mbili baadaye kilo 68 na nusu, mapigo 74, presha 142 kwa 86. Dawa ni ileile tuliyotaka kuitupa!

Sasa upande wa pili. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, moyo kukimbia kunaweza kumletea maumivu ya kifua, huyo kumwongezea hivihivi ni hatari. Mara tatu kwa siku watu wanasahau. Na dozi ikipita miligramu 200 kwa siku wengine wanapata maumivu ya viungo, vipele na homa, mwili unajishambulia wenyewe, hapo kweli inaachwa. Pia sio kila mtu anaweza kumeza dawa ya kutuliza mapigo, mwenye pumu au ambaye moyo wake tayari unapiga taratibu ni shughuli nyingine.

Minoksidili ya kumeza ni hadithi hiyohiyo ila kali zaidi, ndo maana huwa inawekwa mwishoni wakati presha imegoma dawa zote. Huanza miligramu 2.5 au 5 kwa siku, na maji inayoshika ni mengi kiasi kwamba kawaida inahitaji furosemaidi, zile za kukojolesha za kawaida mara nyingi hazitoshi, hasa figo zikiwa zimechoka. Maji yanaweza kujaa hata kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Nywele usoni nazo huota kwa watu wengi, na wanawake wengi wanaiacha kwa hilo tu, siwalaumu. Kuianza bila wale wenzake wawili, hapo nakubaliana na waoga mia kwa mia.

Kijana nilimwambia mama apime uzito kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya wiki arudi kliniki na daftari. Akianza kukosa pumzi akilala chali, au kifua kikibana, asisubiri asubuhi. Na vidonge vya mapigo asivikate ghafla hata kama anajisikia mzima, moyo unaweza kurudi mbio kuliko mwanzo. Ya kukojolesha amehamishia asubuhi, siku ya Kasulu anameza akishafika.