Kwenye mahubiri, anza kutafsiri kwa waumini

Anayepewa video ya mahubiri aiwekee maandishi ya Kiingereza chini, kwa kawaida humfuata mhubiri sentensi kwa sentensi, na waumini huwajazia baadaye, pale palipobaki nafasi. Kwa mahubiri ya kuitikiana, naona hapo ndipo mapigo yanapofia. Sauti ya waumini ndiyo nguzo, maana ndiyo isiyobadilika. Itafsiri hiyo kwanza, uipige muhuri, kisha maneno ya mhubiri uyapange yaielekee.

Tuchukue kipande ambacho Kigoma hakihitaji maelezo: Luka 5, Petro na wenzake wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Msikilizaji wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa hapo Kigoma, anajua usiku wa dagaa ulivyo, taa zikiwaka ziwani gizani, na anajua kurudi ufukweni na mtumbwi mweupe. Mhubiri hana haja ya kueleza. Anapiga tu:

Tumewasha taa! — Hatukupata kitu!
Tumetupa nyavu! — Hatukupata kitu!
Tumevuta nyavu! — Hatukupata kitu!
Lakini kwa neno lako… — Nitazishusha nyavu!

Anza na "hatukupata kitu". Tafsiri mbili zinakuja haraka kichwani:

```
We did not catch anything!
We caught nothing!
```

Ukihesabu silabi utachagua ya kwanza, kwa sababu Kiswahili kina silabi 7 na yenyewe ina 7. Ni hesabu isiyo na faida. Kiingereza hutembea kwa mkazo, siyo kwa silabi. "Hatukupata kitu" ina mikazo miwili, kwenye PA na kwenye KI, na inaishia na silabi nyepesi baada ya nzito. Mstari wa kwanza una mikazo mitatu, na mkia wake ni silabi mbili nyepesi mfululizo, kwa hiyo sauti inafifia pale pale ambapo kanisa zima linapaza. Wa pili una silabi 4 tu, lakini mikazo ni miwili, na unaishia kama Kiswahili kinavyoishia: nzito, kisha nyepesi. Huo ndio unaopigika makofi.

Ukishaupata, usiuguse tena. Nakili na ubandike, herufi kwa herufi, hadi alama ya mshangao. Shule zetu zimetufundisha kwamba kurudia neno katika insha ya Kiingereza ni umaskini wa msamiati, na mfasiri mwenye alama nzuri ndiye anayeharibu zaidi hapa: mara ya pili anaweka neno lingine la "kukosa", mara ya tatu lingine. Mtazamaji anaona sentensi tatu tofauti, wakati masikio yake yanasikia kitu kimoja mara tatu. Hawezi kuitikia, maana hajui kinachofuata.

Sasa mhubiri. "Tumewasha taa" na "tumetupa nyavu" zina mikazo miwiliwili, na Kiingereza kinatoa vivyo hivyo ukikubali kuacha ile "me" ya wakati timilifu. Ukiibeba, unaongeza neno dogo lisilo na uzito mbele ya kila kitenzi na mstari unaanza kwa kujikwaa. Wakati uliopita wa kawaida unatosha:

```
We lit the lamps
We cast the nets
We hauled the nets
```

Mstari wa nne ndio wa kuwa nao macho, kwa sababu hapo nafsi inabadilika. Mistari mitatu ni "sisi", kisha ghafla "nitazishusha", mimi. Mfasiri anayependa mambo yaliyonyooka husawazisha na kurudisha "sisi". Asifanye hivyo. Ndivyo ilivyo katika Luka 5:5: walioshindwa ni wengi, anayejibu ni mmoja, na mhubiri amejenga ngazi yote ili afike hapo. Kwa kuwa ni maneno ya Biblia, chagua toleo moja la Kiingereza ambalo watazamaji wako wanalijua na ulifuate hadi mwisho wa mahubiri. Toleo la zamani la 1611 lina wavu mmoja, siyo nyavu. Ukilichagua hilo, uache wavu uwe mmoja. Usichanganye na lingine kwa sababu tu linasikika vizuri.

Kisha kuna ule mtindo wetu wa neno kukatwa katikati: "Nyavu zikaanza kuka…" na kanisa linamalizia "…tika!" Usijaribu kukata neno la Kiingereza, aliye upande wa pili hajazoea kudakia nusu ya neno. Acha neno zima limdondokee, na uhakikishe ni la mwisho kwenye sentensi. Kwa "kukatika" ni rahisi, kitenzi kinakaa mwisho. Kwa "walipata samaki we… ngi!" unakwama, kwa sababu Kiingereza huweka "wengi" kabla ya samaki, na waumini watabaki wakipaza jina la samaki. Pindua sentensi:

```
And the fish were...
many!
```

Siyo kila kinachorudiwa kinastahili nafasi kwenye skrini. "Bwana asifiwe!" ya kwanza ni salamu, itafsiri. Ya sita mara nyingi ni mhubiri anavuta pumzi au anatuliza ukumbi. Hiyo naiacha isikike tu, bila maandishi. Kinachorudiwa ili kupanda ngazi hakikatwi hata mara moja. Na "hoyee" ya mkutano wa hadhara uiache kama ilivyo. Mtazamaji ataielewa kwa mikono iliyoinuliwa.

Kinachobaki ni muda, na hapa kazi nzuri huvunjwa na kompyuta. Ukiweka mwito na jibu kwenye skrini kwa wakati mmoja, mtazamaji anasoma jibu kabla waumini hawajalitamka, na msisimko umekwisha. Ukivitenganisha kabisa, mwito unapotea anapofika kwenye jibu. Dawa ni kuacha mwito ubaki, jibu liongezwe chini yake sekunde ile ile kanisa linapopaza. Katika faili la SRT inakuwa hivi:

```
1
00:14:02,000 --> 00:14:03,300
We lit the lamps...

2
00:14:03,300 --> 00:14:04,900
We lit the lamps...
<i>We caught nothing!</i>
```

Mwendo wa kusoma ambao wengi hulenga ni herufi 15 hadi 17 kwa sekunde, na mistari hii iko ndani ya hapo kwa kuwa mwito umeshasomwa. Kuna kero moja: maandishi hukaa chini ya skrini, kwa hiyo mstari wa pili ukiingia, wa kwanza unaruka juu. Ukiacha mstari mtupu kwenye namba 1 haisaidii, maana katika SRT mstari mtupu ndio mwisho wa kipande. Weka hapo nafasi isiyokatika, `U+00A0`, kisha ujaribu pale pale utakapopandisha video, kwa kuwa si kila kichezeshi kinaiheshimu.

Kabla hujaituma, mtafute mtu ambaye hajaona maandishi yako. Soma mwito kwa Kiingereza, umsomee na jibu, mara mbili. Mara ya tatu soma mwito tu, unyamaze. Akijibu mwenyewe, kipande kimeiva. Akikutazama tu, rudi kwenye jibu la waumini kabla ya kugusa kitu kingine: ama ni refu mno, ama mahali fulani ulibadilisha neno.