Si wajinga tu ndio waliwao

Akisimuliwa mtu aliyetapeliwa, hakosekani wa kusema: "Wajinga ndio waliwao." Mimi mwenyewe nimeisema methali hiyo mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu aliyejihesabu nje ya kundi la wajinga. Niliacha kuisema siku niliyomsomea tapeli tarakimu nne kati ya sita za namba ya uthibitisho wa akaunti yangu. Nitaieleza siku hiyo, lakini kwanza nataka nimzungumzie mtu anayejua mambo haya kuliko mimi na kuliko karibu kila mtu, kwa sababu kisa chake kinaonyesha kitu ambacho methali ile inatuficha.

Troy Hunt ni Mwaustralia, mtaalamu wa usalama wa mitandao. Mwaka 2013 alianzisha Have I Been Pwned, tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kuingiza anwani yake ya barua pepe na kuona kama imevuja katika wizi wa data. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuwafundisha wengine namna wadukuzi wanavyoiba nywila. Mwezi Machi 2025 alikuwa London, mwili ukiwa bado kwenye saa za kwao Australia, amechoka kwa safari ndefu ya ndege. Akapokea barua pepe iliyoonekana kutoka Mailchimp, huduma anayoitumia kuwatumia wasomaji wake makala. Ilimwambia kwamba kuna malalamiko ya barua taka dhidi yake, kwa hiyo uwezo wake wa kutuma umezuiwa kwa muda, na akague akaunti yake.

Akabofya. Ukurasa ukafunguka kwenye anwani mailchimp-sso.com. Akaandika nywila, akaandika na namba ya uthibitisho ya mara moja, kisha ukurasa ukaganda. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Alikimbilia tovuti halisi na kubadilisha nywila papo hapo, lakini alikuwa amechelewa. Mtambo wa matapeli ulikuwa umekwisha kuingia na kupakua orodha yake ya wasomaji, anwani zipatazo 16,000, zikiwamo za watu waliokuwa wameshajiondoa kwenye orodha hiyo.

Wengi hudhani namba ya mara moja ingemwokoa, maana kwa kawaida namba za aina hiyo hubadilika kila baada ya sekunde 30. Lakini ukurasa wa bandia haukai na namba yako. Unaipokea na kuipeleka hapo hapo kwenye tovuti ya kweli, na sekunde chache zinatosha. Hakuna mtu aliyekaa upande wa pili akiandika kwa mkono.

Kinachonigusa zaidi katika kisa hiki ni onyo alilolipata na kulipita. Hunt anatumia programu ya kutunza nywila. Programu ya namna hiyo huandika nywila yenyewe pale tu inapotambua anwani ya tovuti, na siku ile haikuandika kitu. Ilinyamaza kwa sababu mailchimp-sso.com si tawi la mailchimp.com. Kile kistari kinaifanya kuwa anwani nyingine kabisa, ambayo yeyote angeweza kuisajili. Kama ingekuwa sso.mailchimp.com, ikiwa na nukta mahali pa kistari, ingekuwa ndani ya himaya ya Mailchimp yenyewe. Jicho lililochoka halioni tofauti ya nukta na kistari, ila programu iliiona.

Mtu asiyejua mambo haya angekwama hapo. Nywila haitokei, hajui afanye nini, pengine angemwita mwenziwe amsaidie. Mtaalamu hakwami, kwa sababu ana maelezo tayari kichwani. Hunt alieleza baadaye kwamba ziko huduma nyingi ambazo mtu hujisajili kwenye anwani moja, kisha anatakiwa kuingia kupitia anwani nyingine, na huko programu hunyamaza vilevile bila ubaya wowote. Maelezo hayo ni ya kweli. Kwa hiyo ujuzi wake ndio uliompa sababu ya kulipuuza onyo, akaiingiza nywila mwenyewe.

Hapa ndipo ninapoona kosa letu wasomi. Tunadhani akili ni ukuta, na kwamba kadiri ulivyo na nyingi ndivyo ukuta unavyokuwa mrefu. Lakini akili hutumikia kile ambacho tayari unataka kukifanya. Ukishataka kuiokoa akaunti yako, akili haikuulizi kama uko mahali salama. Inakutafutia sababu za kila dosari unayokutana nayo njiani, na aliyesoma sana anazo sababu nyingi zaidi. Ndiyo maana kujiamini kupita kiasi kunaumiza hata mtu asiye na majivuno. Si lazima ujione bora kuliko wengine. Inatosha kuamini kwamba ukikutana na utapeli utautambua, kwa hiyo usipoutambua unahitimisha kwamba haupo.

Na barua ile haikupiga kelele. Haikusema akaunti itafutwa baada ya saa moja, wala haikumtishia polisi. Hunt mwenyewe alikiri kwamba ilimtia haraka ya kiasi, bila kuzidisha chumvi. Hofu kubwa humwamsha mtu, moyo ukidunda ghafla unajiuliza kulikoni. Wasiwasi mdogo hauamshi chochote. Unaufanyia kazi kama unavyofanyia kazi shughuli nyingine iliyosalia mezani, ukitaka tu uimalize ukapumzike. Kwa mtu aliyechoka, wasiwasi wa kiasi hicho ni hatari kuliko tishio.

Kuhusu wakati, watu hustaajabu: "Walijuaje kwamba nilikuwa nasubiri mzigo?" Mara nyingi hawakujua. Fanya hesabu hii ya mfano. Tapeli anatuma ujumbe 10,000 unaosema mzigo wako umekwama. Tuseme kati ya kila watu 200, mmoja anasubiri mzigo siku hiyo. Hao ni watu 50 ambao ujumbe umewafikia saa ile ile wanayoutazamia. Wale 9,950 wanaufuta na kujisifu kwamba ni werevu, ilhali hawakujaribiwa kitu. Mtihani ulikuwa wa wale 50 tu. Wewe uliyefuta leo hukuonyesha werevu wowote, siku yako ilikuwa haijafika.

Yangu ilifika baba alipolazwa. Nilikuwa na siku ya tatu nashinda hospitali, usiku silali, na siku moja kabla nilikuwa nimelipa bili kubwa kwa kadi. Simu ikaita. Mama mmoja, sauti ya upole, alijitambulisha kuwa anatoka kitengo cha usalama cha benki yangu. "Pole kwa usumbufu, kaka. Kuna mtu anajaribu kutoa fedha kwenye akaunti yako, nataka tumzuie pamoja." Alizijua tarakimu nne za mwisho za kadi yangu. Sikujiuliza kwamba tarakimu hizo huchapwa kwenye risiti nyingi. Nilichojiuliza ni kama malipo ya jana yameleta shida, na swali hilo likajijibu lenyewe: bila shaka, malipo makubwa hivyo lazima mfumo uyashtukie. Nikajiona nimeelewa.

Akasema atanitumia namba, nimsomee ili aufute muamala. Ujumbe ukaingia. Ndani yake mlikuwa na maneno ya kunionya nisimpe mtu yeyote namba hiyo. Niliyaona. Nikajieleza kwamba onyo hilo linahusu matapeli, na huyu ni benki. Nilipofika tarakimu ya nne, muuguzi akatokea mlangoni akaliita jina la baba kwa sauti, nami nikakata simu nikakimbia. Kilichoniokoa ni yule muuguzi, wala si shahada zangu mbili.

Kuna wanaosema basi tuwafundishe watu zaidi. Nakubali kwa sehemu. Lakini mtazame Stephen Greenspan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka jinsi watu wanavyodanganyika, akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kitabu kilitoka mwishoni mwa 2008. Wakati huo huo, tarehe 11 Desemba, Bernard Madoff akakamatwa, ikajulikana kwamba mfuko wake ulikuwa ukiwalipa wawekezaji wa zamani kwa fedha za wapya. Sehemu ya akiba ya uzeeni ya Greenspan ilikuwa humo. Alieleza bila kujificha kwamba hakuyajua vizuri mambo ya fedha, hivyo aliwategemea watu aliowaamini na waliokwisha kuwekeza. Hakuwa na haraka wala hakukosa usingizi. Ujuzi wake ulikuwa kabatini, na shughuli iliyokuwa mbele yake haikufanana na somo alilofundisha.

Kwa hiyo mimi siamini tena kinga inayohitaji niwe macho. Naamini zile zilizoamuliwa mapema, nikiwa nimelala vizuri, na zisizoniachia nafasi ya kujadiliana nazo. Programu ya nywila ikinyamaza, siandiki nywila kwa mkono, hata kama nina maelezo mazuri kiasi gani. Ninaifunga barua na kuifungua tovuti mwenyewe kwa anwani niliyoihifadhi. Akinipigia mtu wa benki, namwambia nitapiga mimi, kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Benki halisi haitakasirika. Atakayekasirika au kunisihi nisikate amenijibu.

Huduma zinazoruhusu funguo za siri, zile zinazokaa ndani ya simu au kompyuta na kufunguliwa kwa alama ya kidole, ni bora zaidi, kwa sababu ufunguo umefungamanishwa na anwani ya tovuti na hauwezi kusomwa kwa mtu. Mpaka wake ni kwamba hauwezi kumzuia mtu aliyeshawishika kutuma fedha kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hilo nyumbani kwetu tumewekeana sharti: uhamisho wowote wa fedha unaodaiwa ufanyike leo hii, mwingine lazima ausikie kwanza.

Sharti hilo tulichelewa kuliweka, na kosa ni langu. Hunt alitangaza kosa lake siku ile ile, akawaandikia hata waliovujishiwa anwani zao. Mimi niliona aibu. Mtu niliyesoma, ninayeulizwa ushauri na ukoo mzima, niseme nini? Nilinyamaza siku tisa. Ndani ya siku hizo mama yule mwenye sauti ya upole alimpigia mdogo wangu, ambaye naye alikuwa akipokezana nami kulala hospitali. Yeye hakuitwa na muuguzi. Alisoma tarakimu zote sita.