Kabla hujamtia mbwa mkono mdomoni

Jumapili jioni hapa kwetu Bwiru, mke wangu alikuwa uani anakaanga dagaa na pilipili, moshi umetanda mpaka kibarazani nilipokaa. Mbwa wetu Tomi akapita katikati ya ule moshi, akasimama ghafla. Akanyoosha shingo mbele, viwiko vikatoka nje, mdomo kaufumba, akaanza: hngrr! hngrr! hngrr! Kila mara mbavu zinaingia ndani na kichwa kinatikisika. Ukisikia kwa mbali ungedhani kuna nguruwe.

Mama jirani akatokea mlangoni na kikombe cha mafuta ya kupikia. "Mapanki hayo, baba! Mfupa umemkwama. Mfungue mdomo nimmiminie." Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria naye akaingia, mkono wa shati keshaukunja, vidole tayari.

Nikawaambia wasubiri. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilipofika thelathini na kitu Tomi akameza mate, akajilamba pua, akaenda kunusa kile kikombe kana kwamba kimeletwa kwa ajili yake.

Huwa naiita chafya ya kinyume, na sijapata jina zuri zaidi. Chafya ya kawaida inatoa hewa nje kwa kishindo ili kusafisha tundu za pua. Lakini kinachomkera mbwa kikiwa nyuma zaidi, kule pua inapokutana na koo juu ya kaakaa laini, kupuliza nje hakusaidii sana. Basi anavuta hewa ndani kwa nguvu, mfululizo, kupitia pua, mpaka kile kitu kirudi kooni akimeze. Vumbi, moshi, manukato, maji aliyoyanywa kwa pupa, kamba iliyomkaba shingo, hata furaha ya kumwona mwenye nyumba karudi, vyote vinaweza kuianzisha. Inachukua sekunde kadhaa, pengine dakika moja, mara chache zaidi ya hapo. Ikishapita, mbwa ni yuleyule wa dakika tano zilizopita.

Cha kufanya ni kidogo mno, na nadhani ndiyo sababu watu hawaridhiki nacho. Mwondoe kwenye moshi. Kama ni mbwa wako unayemjua, msugue koo taratibu kuelekea chini, ili ameze. Basi.

Sasa mfupa. Siwalaumu majirani, maana mbwa wa Mwanza anakula mapanki na vichwa vya sangara, na mifupa hiyo inakwama kweli. Ila mbwa aliyekwamwa haonekani kama Tomi alivyoonekana. Mdomo wake uko wazi au unafunguka na kufunga, udenda unamchuruzika, anajikwaruza mashavu kwa miguu ya mbele, anameza mara kwa mara bila kuwa na kitu cha kumeza. Ukimpa chakula anakisogelea, kisha anakiacha. Na hali hiyo haikomi baada ya dakika moja. Huyo anahitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na kama anahangaika kupumua au ulimi umegeuka rangi ya bluu, ni sasa hivi. Kikombe cha mafuta hakitamsaidia. Mbwa anayevuta pumzi kwa nguvu ukimmiminia mafuta, yanaweza kuingia mapafuni, na hapo umemletea nimonia ambayo hakuwa nayo.

Kwikwi za watoto wa mbwa sina la kusema sana. Wamekula haraka, wamecheza, tumbo linarukaruka kwa dakika chache, wanalala. Kukoroma usingizini nako ni kwao kama kwetu.

Sauti ninazoziogopa mimi ni za aina nyingine. Mbwa mkubwa mwenye kifua kipana anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, huku tumbo linavimba na kukaza kama ngoma: hapo ni mbio, hata kama ni saa nane za usiku, kwa sababu tumbo huenda limejisokota na saa chache tu zinaweza kummaliza. Mbwa mzee anayekohoa usiku akilala, mhesabu pumzi akiwa usingizini. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, na zikizidi 30 kwa dakika usiku baada ya usiku, moyo au mapafu yanahitaji kuangaliwa. Na chafya ya kinyume yenyewe, ikianza uzeeni bila kuwahi kuonekana, au ikiongezeka kila siku, au ikija na usaha au damu puani, si ile ya moshi wa dagaa tena. Damu ya puani kwa mbwa mwenye kupe isikupite hivihivi, kuna ugonjwa wa kupe unaofanya damu isigande.

Mrekodi kwa simu. Ukifika kwa daktari mbwa atakuwa ametulia tuli, na maelezo yako ya "anafanya hrr hrr" hayatoshi. Mara ya kwanza Tomi alipofanya hivi sikuwa na video, na tulirudi nyumbani baada ya sindano tatu za antibayotiki kwa siku tatu, kwa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Hela nililipa mimi, maumivu akayapata yeye.

Hayo yote nilimweleza mama jirani pale uani, naye akanisikiliza kwa adabu ya mtu ambaye hajakubali. Kisha akasema, "Sawa baba, lakini yule wa mlinzi wetu alikufa kwa mfupa hivihivi mwezi uliopita."

Nikamuuliza alikuwaje. Akasema mdomo ulikuwa umelegea, haufungi, mate yanadondoka. Sauti ilikauka, akibweka anatoa mlio ambao hawakuutambua. Maji anayatazama tu. Mlinzi alimpanua taya akapitisha mkono mpaka kooni kuutafuta mfupa, hakuukuta. Siku ya tatu mbwa akafa, wakamfukia nyuma ya mawe.

Watu wengi tunadhani kichaa cha mbwa ni lazima mbwa akimbie barabarani anauma kila kitu. Kuna kinachokuja kimyakimya. Virusi vinapooza misuli ya taya na koo, mbwa anashindwa kumeza, sauti inabadilika, na mtu yeyote mwenye huruma anaona mfupa. Mate yale ndiyo yenye virusi. Hahitaji kukuuma, inatosha yagusane na mchubuko kidoleni. Ndiyo maana mbwa mwenye mdomo uliolegea simgusi, hata awe wangu. Namfungia peke yake, naita bwana mifugo, na akifa sifukii kabla ya kumjulisha.

Nilimuuliza kama mlinzi alinawa. Alinawa, kwa maji ya ndoo. Kinachotakiwa ni sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo. Na sindano je? Hakujua. Mikono ya mlinzi huyo naifahamu, anapasua kuni kila asubuhi, haikosi mikwaruzo.

Mwezi umepita, akasema, si amechelewa? Nikamwambia hapana. Virusi vinaweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla dalili hazijaanza, na chanjo hutolewa hata kwa aliyechelewa. Ikishaanza dalili ndipo tiba inakuwa karibu haipo.

Mama jirani akaweka kikombe cha mafuta juu ya ukuta, akaenda getini kumwita. Kijana wa bodaboda akashusha mkono wa shati, akawasha pikipiki.