Waya wa chaji haraka si waya wa data haraka

Jumamosi nilirudi Majengo usiku nikitoka kurekodi harusi Chamwino, simu ikiwa na video za gigabaiti 30. Bwana harusi alitaka kipande cha kuwatumia ndugu kabla hakujakucha. Nikachomeka waya wa chaji, mnene na mpya, nikaanza kuhamisha. Kasi ikapanda mpaka megabaiti 34 kwa sekunde, ikaganda hapo. Robo saa nzima.

Simu yangu ni ya USB 3, na tundu la laptopu pia. Kilichoniponza ni waya, na namba ile iliyoganda ndiyo iliyoniambia. USB 2.0 inatangazwa kuwa na megabiti 480 kwa sekunde. Gawanya kwa nane, unapata megabaiti 60. Ondoa muda ambao vifaa vinatumia kuelewana, na kwa kawaida hubaki 30 hadi 40. Kasi ikitulia hapo na faili ni kubwa, shuku waya kwanza. Kwenye Linux nilihakikisha hivi:

```
lsusb -t
```

Mstari wa simu uliandika 480M. USB 3 ingeandika 5000M au zaidi.

Sababu imo ndani ya waya. USB 2.0 ina nyaya nne tu: mbili za umeme, mbili za data. USB 3 huongeza jozi mbili nyingine za data. Mtengenezaji anaweza kunenepesha zile za umeme, simu ikajaa upesi, na data ikabaki na kanjia kake kalekale. Kichwa cha Type-C hakikuonyeshi lolote, kwa sababu kwa nje zote zinafanana.

Jumatatu nilikwenda dukani kuulizia waya wa data ya haraka. Muuza duka akasema, "Kaka, zote hizi zinapeleka data." Ni kweli, ila hakujibu nilichouliza. Tukachukua waya wenye kichwa kipana upande wa kompyuta, tukachungulia ndani kwa tochi ya simu. Wa kwanza ulikuwa na vibati vinne. Wa pili ulikuwa na vinne mbele na vitano vidogo nyuma yake. Huo wa vibati tisa ndio nilionunua. Rangi ya bluu, ambayo wengi huichukulia kuwa alama ya USB 3, usiitegemee, plastiki hupakwa rangi yoyote.

Nyumbani video zilezile zilikwenda kwa megabaiti 110 hivi, dakika nne na nusu. Hazikuzidi hapo kwa sababu diski ya laptopu yangu ni ile ya kuzunguka, nayo imefika mwisho wake. Simu yenyewe ikiwa ya USB 2.0, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, usipoteze hela kwa waya huu. Na ukihamisha picha ndogondogo elfu tatu utasubiri tu, maana simu na kompyuta huzungumza upya kwa kila faili. Hapo zifunge kwanza kuwa faili moja la zip humohumo kwenye simu.

Kinachoniudhi ni boksi. Wati zimeandikwa kwa herufi kubwa, kasi ya data haipo popote. Anayeishi kwa kuhamisha video analipia kitu asichoweza kukisoma. Waandike 480 au 5000, namba moja tu, pembeni ya wati.