Mwaliko wa usaili wa simu utaje dakika, na utaje mshahara

"Tutakupigia kesho kwa mazungumzo mafupi kuhusu maombi yako." Waajiri wengi wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, pamoja na mawakala wanaowatafutia watumishi, huandika sentensi hiyo moja wakaamini kwamba wamemwalika mtu kwenye usaili wa awali. Mimi hufanya kazi ya kuajiri hapa Mbeya, na maoni yangu ni kwamba ujumbe huo bado si mwaliko, kwa sababu hausemi simu itapigwa saa ngapi, itachukua muda gani wala itahusu nini, na kila jambo lililoachwa hapo humrudia anayepiga simu.

Tuchukue nafasi moja ya kazi tuifuatilie. Kampuni ya kufungasha parachichi inatafuta mtunza ghala wa kituo chake cha Makambako, na miongoni mwa waliopita mchujo wa kwanza yumo mtu aliyeajiriwa katika kiwanda cha chai upande wa Mufindi. Ukimpigia bila taarifa saa tatu asubuhi, utamkuta anahesabu mizigo huku msimamizi wake amesimama karibu. Ukimuuliza kwa nini anataka kuondoka alipo, atajibu kwa mkato, nawe utaandika kwenye fomu yako kwamba hajui kujieleza. Angejua kuwa simu ni ya dakika ishirini, angeomba ipigwe wakati wa mapumziko ya mchana, akatoka nje na kutafuta mahali ambapo mtandao unashika vizuri, jambo ambalo katika milima yetu si la kupuuza.

Dakika ishirini ndizo ninazozitetea. Katika dakika kumi, salamu na kuhakikisha kwamba mnasikilizana hula sehemu kubwa ya muda, na kinachobaki hakitoshi kwa swali lenye maana. Ikifika nusu saa, anayepiga simu huanza kuuliza mambo ya ndani ya kazi, mara nyingi akiwa hayajui vizuri yeye mwenyewe, na mwombaji hutoka akidhani amekwisha kufanyiwa usaili kamili. Mtunza ghala aulizwe na meneja wa ghala jinsi anavyozungusha mzigo unaoharibika haraka. Mimi wa simu natakiwa nijue tu kama amewahi kusimamia chumba cha baridi, kwa muda gani, na kama daftari la mali lilikuwa mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo ndani ya dakika ishirini hizo nusu ya kwanza huenda kwenye uzoefu huo, nami huusikiliza nikiwa na wasifu wake mbele yangu. Halafu yanafuata masharti: kama yuko tayari kuhamia Makambako, na lini anaweza kuanza. Hili la kuanza lina hesabu yake kisheria, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mkataba wa mshahara wa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, atoe notisi isiyopungua siku 28. Mwajiri anayetaka mtu "wiki ijayo" aambiwe hivyo mapema. Maswali ya ndoa, mimba au idadi ya watoto hayana nafasi hapa, kwani sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi wa aina hiyo na inamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi.

Kisha unakuja mshahara, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, ambao hupenda kumwacha mwombaji ataje wa kwanza. Nimeona mara kadhaa jinsi jambo hili linavyoharibika. Msaili anauliza, "Unategemea kiasi gani?" Mwombaji anajibu, "Laki sita," akiwa na maana ya fedha atakayoshika mkononi, naye msaili anaandika 600,000 kama mshahara kabla ya makato, na wote wawili wanaridhika mpaka siku ya kusaini mkataba.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika 600,000, mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, ambao kwa kawaida ni asilimia 10, unachukua 60,000. Inayobaki ya kutozwa kodi ni 540,000, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 kodi yake ni 24,000, kwa hiyo mkononi zinafika 516,000. Kama alisoma kwa mkopo wa serikali na bado anadaiwa, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000 nyingine, naye anabaki na 426,000. Ili apate laki sita kamili mkononi bila deni la mkopo, mshahara kabla ya makato ungepaswa kuwa kama 717,000. Pengo hilo linatosha kumfanya mtu aikatae kazi baada ya usaili wa pili, meneja akiwa amekwisha kupoteza siku nzima. Kiwango kikitajwa kwenye mwaliko, pamoja na maneno "kabla ya makato", asiyeridhika hujiondoa kabla simu haijapigwa.

Mwaliko ninaouona unafaa hauzidi aya moja, na kwa nafasi yetu ya Makambako ungesomeka hivi:

"Habari za leo. Tumesoma maombi yako ya kazi ya mtunza ghala, Makambako, na tungependa kuzungumza nawe kwa simu siku ya Jumatano, saa 7:30 mchana, kwa dakika 20. Tutauliza kuhusu uzoefu wako wa ghala na chumba cha baridi, utayari wako wa kuhamia Makambako, na muda wa notisi yako. Mshahara ni kati ya 650,000 na 750,000 kwa mwezi kabla ya makato. Utapigiwa kwa namba hii hii, na hakuna malipo yoyote utakayodaiwa. Kama muda huo haukufai, tafadhali pendekeza mwingine. Dakika 5 za mwisho ni za maswali yako."

Saa imeandikwa kwa hesabu yetu na neno "mchana" limewekwa makusudi, maana mtu akiandika 10:00 peke yake, mmoja atakaa na simu saa nne asubuhi na mwingine saa kumi jioni. Sentensi ya malipo nayo haikuwekwa kwa mapambo. Matapeli wa ajira hupenda kupiga simu wakaahidi nafasi, kisha wakadai fedha ya fomu au ya vipimo vya afya, kwa hiyo mwombaji mwenye akili huitilia shaka namba asiyoijua, na ana haki ya kuuliza ni nani anayempigia kabla hajajibu lolote.

Wapo wanaodai kwamba kumpa mwombaji maswali mapema ni kumsaidia kudanganya. Sioni udanganyifu gani unaowezekana katika urefu wa notisi au katika kukubali kuhamia Makambako. Aliyejiandaa hukumbuka mwezi alioanza kazi na jina la mtu anayeweza kumthibitisha, na hayo ndiyo ninayoyahitaji. Dakika ya ishirini ikifika kabla hatujamaliza, humuuliza kama ana nafasi ya kuendelea kwa dakika chache au nimpigie baadaye, kisha humtajia siku atakayopata jibu, hata kama jibu lenyewe litakuwa kwamba hatukumchagua.