Siku ya 11 akaandika "Te amo"

Binamu yangu anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni, Unguja. Majuzi alipata mpenzi, au tuseme alikuwa njiani kumpata: dada wa Kibrazili, mwenyeji wa Belo Horizonte, aliyelala pale siku nne. Wakala urojo pamoja, wakapeana namba, dada akapanda ndege akarudi kwao. Siku ya 11 baada ya hapo binamu akanipigia, sauti imejaa kama mtu aliyepata viza.

"Dada, leo nimemtupia bom dia ya maana. Kajibu kwamba nimemgusa moyo!"

Nikamwambia nitumie nione. Alichoandika ni hiki:

"Bom dia, minha vida. Acordei toda boba pensando em ti. És o ar que respiro e não consigo viver sem você. Te amo."

Yaani habari za asubuhi, maisha yangu, wewe ni hewa ninayovuta, nakupenda; mengine nitayafikia.

Na jibu la dada:

"Bom diaaa kkkk que emocionado"

Sasa, ukifungua kamusi, emocionado ni mtu aliyeingiwa na hisia, aliyeguswa. Binamu aliifungua, akasoma hapo, akafunga. Ila kwa Wabrazili wa leo, hasa vijana, emocionado ni yule mliyekutana juzi, leo keshachagua majina ya watoto. Tena aliyeitwa hivyo ni binamu mwenyewe, siyo yule dada. Na "kkkk" ni kicheko kilekile tunachoandika sisi. Hakutukanwa, alitaniwa, na ndani ya utani ule mlikuwa na mguu umeshakanyaga breki.

Mimi nilikaa Maputo miaka minne nikitafsiri mikataba na vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo ukoo mzima umeniteua kuwa fundi wa mapenzi ya Kireno. Haya, acha nitumie cheo changu. Naona kosa la binamu ni letu sote tuliokulia kwenye Kiswahili, nalo limejificha kwenye neno moja: kupenda.

Sisi tuna kupenda kumoja tu. Nampenda mama, napenda maharage ya nazi, nampenda yule kijana wa dukani, nakupenda bure. Mzigo wa neno tunausoma usoni kwa msemaji. Mreno kakata kitu hichohicho vipande vitatu. Gosto de você ni ya chini, na usiidharau: ukimwambia hivyo mtu mliyeanza kutongozana, umeshasema jambo. Ureno na Msumbiji watasema gosto de ti, na kwa wapenzi wapya hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu arudie kusoma simu mara tatu. Juu yake kuna adoro: Te adoro kwa Mbrazili, Adoro-te kwa Mreno. Hapa pana joto ila mlango bado uko wazi, mtu anaweza kutoka bila kuvunja kitu. Amo iko juu kabisa. Sasa Mswahili mwenye "nakupenda" yake kichwani akiuliza kamusi, kamusi inamrusha moja kwa moja hadi juu. Hajui hata kwamba kuna ngazi alizoruka.

Na huko Brazil kuna hatua hata kabla ya kuitwa mpenzi. Watu kwanza wana-ficar, yaani mnaonana, mnabusiana, hamna jina. Uchumba wenyewe, namoro, kwa wengi huanza siku mmoja anapouliza kwa mdomo wake, quer namorar comigo, unataka tuwe wapenzi? Binamu hakuwa amefika hata kwenye ficar. Alikuwa amefika kwenye urojo.

Tuirudie meseji yake, maana ina mengine. Toda boba: nimeamka nimekuwa zuzu kwa kukuwaza. Ni sentensi tamu, mimi ningeipokea. Ila toda boba husemwa na mwanamke. Mwanamume ni todo bobo. Aliinakili mahali palipoandikwa na msichana, na kwa kuwa Kiswahili hakibagui mume na mke kwenye sentensi, jicho lake halikuona kitu. Kisha ti na você, zote mbili "wewe", ndani ya pumzi moja, na És, "wewe ni" ya upande wa ti, juu yake. Wabrazili wenyewe huchanganya sana, wanasema você halafu wanaandika te, hakuna anayekufa. Lakini pensando em ti karibu na sem você inanuka kunakili: nusu imeokotwa Lisbon, nusu São Paulo. Mbrazili wa kwao angeandika acordei pensando em você. Mreno, na Mmsumbiji pia, acordei a pensar em ti. Chagua nchi ya mpenzi wako ubaki humo.

Kilichoniudhi hasa lakini ni não consigo viver sem você. Siwezi kuishi bila wewe. Siku ya 11! Mpaka siku ya sifuri ulikuwa unaishi vipi? Sentensi ya namna hii haimpi mtu chochote, inamwachia deni. Akijibu kwa furaha, ameahidi. Akinyamaza, amekuua. Ndiyo maana mtu mwenye akili hujibu "kkkk".

Kuna neno jingine linalotugeuka, ila hili linatugeukia upande wa pili. Mswahili akimkosa mtu anasema nimekukumbuka, na moyoni ni jambo zito. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata lembrei de você, ambayo kwa Kireno ni nyepesi kama unyoya: nimeona kitu, ukanijia akilini. Uzito wetu wa kumkosa mtu unabebwa na saudade. Estou com saudade de você kwa Mbrazili, Tenho saudades tuas kwa Ureno na Msumbiji. Kwa penzi jipya mimi napendekeza ile nyepesi, tena kwa nguvu zote. Lembrei de você haidai kitu. Inamwambia tu kwamba kapita kichwani mwako saa nne asubuhi, ukiwa na kazi zako. Mbali ya hapo, saudade ya wiki ya pili nayo si mbaya, ila iwe moja, isiwe kila asubuhi kama dawa.

Bom dia tamu kuliko zote nilizowahi kupata haikuwa na neno la mapenzi hata moja. Nilikuwa na miezi miwili Maputo, mtu mmoja akaniandikia: "Bom dia. Já matabichaste?" Mimi, na Kireno changu cha darasani, nikaisoma vipandevipande: mata, ua, bicho, mdudu. Nikamjibu sijaua mdudu yeyote, kwani yuko wapi? Kumbe Msumbiji na Angola kifungua kinywa kinaitwa mata-bicho, na wamekitengenezea kitenzi chake. Alikuwa ananiuliza kama nimekunywa chai. Alicheka siku nzima, na mimi nikaanza kuingoja simu kila asubuhi. Meseji hiyo usimpelekee Mbrazili, kwake kifungua kinywa ni café da manhã, wala Mreno, kwake ni pequeno-almoço.

Mtu huyohuyo baadaye alinifundisha somo la pili, na hili sikulicheka. Boa noite zake, salamu za usiku mwema, zilianza kubadilika: "Vi que estavas online. Dorme bem." Nimekuona ulikuwa hewani, lala vizuri. Kisha: "Com quem falavas?" Ulikuwa unaongea na nani? Hapo hakuna minha vida wala hewa ninayovuta, maneno yote ni ya adabu, na bado kwangu hizo ndizo kali kupita zote. Binamu alizidisha sukari tu. Yule alikuwa ananihesabia saa. Nikaanza kuzima simu saa 3 usiku, halafu nikamzima na yeye.

Vitu vidogovidogo nipite haraka. Meu amor, mpenzi wangu, kwa Mbrazili usiishike sana ukiipokea, hata muuza duka anaweza kukuita hivyo akikurudishia chenji. Beijinhos, vibusu, mwishoni mwa meseji kutoka Lisbon huenda ikawa salamu tu, wanawake huandikiana na mashoga zao. Dorme bem, lala vizuri, inafaa kwa mpenzi kila nchi; durma bem ina heshima zaidi, ingawa Wabrazili wengine huitumia kawaida tu. Bons sonhos, ndoto njema, haina madhara. Na rapariga, ambayo Ureno ni msichana tu, Brazil, hasa kaskazini-mashariki, ni malaya. Usijaribu bahati yako.

Halafu kuna saa, ambayo binamu hakuifikiria kabisa. Unguja imeitangulia Belo Horizonte kwa saa 6. Bom dia yake ya saa 1 asubuhi ilimfikia dada wa watu saa 7 usiku, wakati wao wanaouita madrugada. Hewa ninayovuta, saa 7 usiku, mtu kesho ana kazi! Nikamwambia atume saa 7 au saa 8 mchana, baada ya chakula, wakati kule ndiyo wanaamka.

Nikamkataza kuomba msamaha, maana maelezo marefu ni uemocionado mwingine. Tukakaa kwenye simu tukaandika upya. Nikamuuliza, mlifanya nini cha kuchekesha? Akasema yule dada alipokula urojo alijitilia pilipili nyingi, akalia machozi mpaka mama muuzaji akampa maji. Basi tumeshamaliza, nikamwambia:

"Bom dia! Ontem passei pela barraca do urojo e lembrei da sua cara com a pimenta kkkk. Dormiu bem?"

Habari za asubuhi, jana nilipita kibanda cha urojo nikaikumbuka sura yako na ile pilipili, umelala vizuri? Dormiu ni kwa sababu dada ni wa você. Kwa Maputo au Lisbon ningeandika dormiste. Swali liko moja, jepesi, linajibika kwa neno moja akiwa na haraka. Na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kutumiwa ile meseji, kwa kuwa pilipili ile ilimliza yeye.

Binamu aliilalamikia. "Dada, mbona haina mapenzi?" Nikamwambia tuma.

Alijibiwa kwa ujumbe wa sauti wa zaidi ya dakika moja, kicheko kimejaa, nikalazimishwa kuusikiliza mara mbili ili nimtafsirie. Tangu hapo wanaandikiana. Meseji za usiku za yule dada, za saa 5 usiku wa kwao, humfikia binamu saa 11 alfajiri, karibu na adhana, naye ameziwekea mlio wake maalumu unaoamsha nyumba nzima. Ya juzi alinionyesha. Ilikuwa maneno matatu tu:

"Boa noite, emocionado."

Nikataka kumweleza tofauti kati ya utani ule wa kwanza na huu. Akanipokonya simu.